Ladha ya Kutu Asubuhi: Zopikloni Yako Haijaharibika

Mteja aliyeanza zopikloni, dawa ya usingizi, hurudi siku ya pili au ya tatu akiwa na kisanduku mkononi. Usingizi umekuja, hana ugomvi na hilo. Ila ameamka na mdomo mchungu kama aliyelala na sarafu chini ya ulimi, chai haina ladha ya chai, na maji ya kunywa yana kutu. Swali lake la kwanza huwa kama dawa imepitwa na muda. La pili, kwa sauti ya chini kidogo, ni kama tumemuuzia feki.

Uchungu huo ni tabia ya dawa yenyewe. Ndilo lalamiko linalojulikana zaidi kuhusu zopikloni, na humpata hata mtu anayekunywa kidonge kizima, kutoka kwenye kisanduku kizima, kabla ya tarehe ya mwisho. Kwa hiyo ladha haiwezi kukuambia kama dawa ni nzima au mbovu. Hilo hutazamwa kwenye tarehe, namba ya toleo, hali ya ganda la kidonge, na mahali ulikonunua. Hii ni dawa ya cheti cha daktari. Ukiuziwa vidonge vilivyofungwa kwenye karatasi, huna cha kukagua hata ukitaka.

Uchungu wenyewe una milango miwili, na ni vizuri kuitofautisha kwa sababu mmoja unaweza kuufunga na mwingine huwezi.

Mlango wa kwanza ni kidonge chenyewe. Unga wa zopikloni ni mchungu mno, ndiyo maana hufunikwa kwa ganda laini. Ukikivunja, ukikitafuna, au ukikiacha ulimini huku unatafuta maji, ganda hulowa na unga hugusa ulimi. Uchungu wa namna hii huja papo hapo, ndani ya dakika moja au mbili. Dawa yake ni kuweka glasi ya maji tayari kabla hujabandua kidonge, na kukimeza kizima. Kama umeandikiwa nusu, usikikate kwa kisu cha jikoni. Uliza kama kuna kidonge cha miligramu 3.75, kwa sababu zopikloni hutengenezwa kwa kipimo hicho pia, mbali na kile cha 7.5.

Mlango wa pili ni mate. Kidonge kikishafika tumboni, dawa huingia kwenye damu na kufikia kilele baada ya saa moja na nusu hadi mbili. Damu hiyo hupita kwenye tezi za mate kama inavyopita kwingine kote, na zopikloni huvuka ikaingia kwenye mate. Yaani ulimi unaoshwa na dawa kutoka ndani, tone kwa tone, usiku kucha. Ndiyo sababu mtu husukutua, hupiga mswaki mara mbili, akapata nafuu ya dakika chache, kisha uchungu ukarudi kana kwamba hakufanya kitu. Umeondoa mate ya zamani, lakini mate mapya yanakuja na uchungu wao. Dawa hii pia hukausha kinywa kwa baadhi ya watu, na mate yakiwa machache na mazito, uchungu husikika zaidi.

Kwa hiyo ukitaka kujua mlango upi umekupata, angalia saa. Uchungu wa mara tu baada ya kumeza ni wa kidonge. Uchungu wa kuamka nao ni wa mate, na huo hauishi mpaka mwili uiondoe dawa.

Na mwili huiondoa kwa mwendo gani? Kwa mtu mzima mwenye ini zima, kiasi kilichomo kwenye damu hupungua nusu kila baada ya saa tano hivi. Kwa mzee huchukua karibu saa saba. Hesabu hii ndogo ndiyo inayoeleza karibu kila kitu kinachotokea asubuhi, kwa hiyo tuifanye kwa mfano.

Chukua dereva wa bodaboda wa Ngamiani anayemeza miligramu 7.5 saa sita usiku, baada ya kugeukageuka kitandani tangu saa nne. Kilele kinafika saa saba na nusu. Tukikiita kilele hicho mia, adhana ya alfajiri ikimwamsha saa kumi na moja bado ana kama sitini. Saa kumi na mbili na nusu, anapowasha pikipiki kuwahi abiria wa stendi, ana hamsini. Nusu ya dawa ya usingizi ingali kazini, naye yuko barabarani. Mdomo wake mchungu ni taarifa ya hali hiyo hiyo.

Sasa mchukue jirani yake aliyeandikiwa miligramu 3.75, akameza saa nne akiwa tayari kitandani. Kilele chake kilikuwa hamsini, saa tano na nusu. Ifikapo saa kumi na mbili na nusu asubuhi amebakiwa na kama kumi na tisa. Dawa ni ile ile, asubuhi ni ile ile, tofauti imeletwa na saa ya kumeza na ukubwa wa kipimo. Kosa la kawaida zaidi tunaloliona ni hilo la kumeza kwa kuchelewa, mtu akisubiri aone kama usingizi utakuja wenyewe. Kama huna saa saba au nane kamili za kulala mbele yako, usikimeze usiku huo.

Wala usijipunguzie au kujiongezea kipimo kwa hesabu hii. Ichukue kama jambo la kuzungumza na aliyekuandikia.

Mbali na ladha, asubuhi huja na mang'amung'amu: macho yamefunguka lakini kichwa hakijafika. Wengine hupata kizunguzungu wakisimama ghafla, wengine kichwa kuuma kidogo, wengine husahau kilichotokea baada ya kumeza, kwa mfano ujumbe waliotuma kwenye simu saa tano usiku. Usahaulifu huu huwapata hasa wanaomeza kisha wakaendelea na shughuli. Kidonge kinamezwa ukiwa umeshafunga mlango na kushusha chandarua, usiwe ndiyo kwanza unaanza kuosha vyombo.

Kinachotutia wasiwasi zaidi ni kwamba mtu hujiona yu macho kabisa wakati mikono na maamuzi yake bado ni mazito. Mwaka 2014 Kanada ilishusha kipimo cha kuanzia kutoka miligramu 7.5 hadi 3.75 kwa sababu hiyo hasa. Mwaka huo huo Marekani ilishusha kipimo cha eszopikloni, ambayo ni nusu ya zopikloni inayofanya kazi, baada ya kuonekana kwamba kipimo kikubwa chake hudhoofisha uwezo wa kuendesha kwa zaidi ya saa kumi na moja, hata kwa mtu asiyehisi chochote. Kwa anayeendesha lori la Segera au kushika usukani wa mashua, hesabu salama ni saa kumi na mbili tangu kumeza, na kwa mzee zaidi ya hapo. Kahawa chungu ya kibarazani itakufungua macho, lakini haiondoi dawa hata chembe.

Kwa wazee tatizo ni kuanguka. Wengi huamka usiku kwenda choo cha uani, miguu ikanaswa na chandarua, ngazi ikawakosa gizani. Mzee huanza na miligramu 3.75, na kando ya kitanda chake kuwe na tochi na chombo cha kukojolea, hasa wiki ya kwanza. Na akishaketi ukingoni mwa kitanda, ahesabu taratibu hadi thelathini kabla hajasimama.

Kuna kisa kimoja kinachostahili nafasi yake. Mtu amekunywa zopikloni wiki nzima akiwa na uchungu kidogo tu. Ghafla uchungu unakuwa mkali, na anashinda amelewalewa hadi saa sita mchana. Akiulizwa, ameanzishiwa tiba ya vidonda vya tumbo, ile ya dawa tatu kwa pamoja. Mara nyingi mojawapo ni klarithromisini. Hii huzuia kimeng'enya cha ini kinachovunja zopikloni, hivyo dawa inakaa mwilini kwa wingi na kwa muda mrefu zaidi. Juu ya hapo, klarithromisini yenyewe huleta ladha ya chuma, na flajili inayoweza kuwamo kwenye tiba hiyo huleta ladha hiyo pia. Uchungu umetoka sehemu tatu. Erithromisini, dawa za fangasi za kumeza kama ketokonazoli, na ritonaviri iliyomo kwenye baadhi ya dawa za kufubaza virusi hufanya kazi kama hiyo. Balungi nalo huzuia kimeng'enya hicho hicho. Chungwa la Muheza halina neno. Rifampisini ya kifua kikuu hufanya kinyume: huharakisha uvunjaji, mgonjwa akaona zopikloni haimlazi na kushawishika kuongeza vidonge. Asiongeze. Aje na dawa zake zote ndani ya mfuko mmoja, tuziweke mezani.

Pombe hatuipi mjadala mrefu. Pamoja na zopikloni hupunguza pumzi, na vivyo hivyo dawa kali za maumivu za jamii ya tramadoli na mofini.

Kupunguza uchungu unaotoka kwenye mate, unachoweza kufanya ni kuufunika na kuamsha mate. Kunywa maji ukiamka. Piga mswaki na usugue ulimi, ukijua nafuu ni ya muda. Tafuna jojo isiyo na sukari, au punje ya karafuu au iliki. Mate yakitoka kwa wingi uchungu huwa mwepesi. Kwa wengi ladha huondoka mchana, na ukiacha dawa hupotea yenyewe. Ikiendelea siku kadhaa baada ya kuacha, sababu ni nyingine: fizi zinazotoa damu, jino bovu, vidonge vya madini ya chuma, au metformini kwa mwenye kisukari.

Ukivimba midomo au koo, au pumzi zikibana, nenda hospitali mara moja. Ukiambiwa asubuhi kwamba ulitembea, ulipika au uliwasha gari usiku nawe hukumbuki lolote, usimeze kingine kabla hujaongea na daktari. Na kama umekunywa kila usiku kwa zaidi ya wiki nne, usikate ghafla kwa hasira ya uchungu, kwani usingizi unaweza kukimbia kuliko mwanzo. Njoo na cheti chako na vidonge vilivyobaki, utuambie unameza saa ngapi na unaamka saa ngapi. Kwa saa hizo mbili tutajua tumwandikie nini daktari wako kuhusu namna ya kushusha.