Mfuko waandikwa protini 18, ndani ni makapi ya mpunga

Mhariri,

Mie ni mfugaji wa kuku wa mayai hapa Msabaha, Malindi, nna kuku 120, na barua hii yahusu vyakula tunavyouziwa kwenye maduka haya ya agroveti, maana nimeumia mwezi mzima kabla sijajua naumizwa na nini.

Nlikuwa natumia leyazi mashi ya kampuni moja, lebo imeandikwa protini asilimia 16, mfuko wa kilo 70 nanunua 3,500. Kuku wangu 120 wala kama kilo 14 na nusu kwa siku, kwa hivo mfuko waenda siku tano hivi. Nilikuwa napata trei tatu kila siku na sina maneno. Siku moja nikapita duka jingine sokoni nkakuta kampuni nyengine, lebo yasema protini 18, bei 3,150. Sasa nani atakataa? Protini zaidi na pesa kidogo, nikachukua.

Mfuko wa kwanza sikuona kitu. Wa pili mayai yakaanza kuwa madogo. Kufika wa tatu nko trei mbili na mayai machache juu na kuku wameanza kudonoana manyoya, na mwenye kufuga anajua kuku akianza kula manyoya ya mwenzake huyo huenda anatafuta protini asiyoipata kwa sahani. Mie kwanza nikasema ni joto, nikawapa vitamini kwa maji, pesa hiyo pia ikaenda bure.

Ami yangu aliyewahi kufanya kazi kwa kiwanda cha vyakula ndie aliyekuja akashika kiganja kimoja akasugua, akaniambia hebu sikia hii inavyokwaruza. Akaagiza gilasi mbili za maji, kwa moja akatia kijiko kikubwa cha kile chakula kipya, kwa nyengine kijiko cha kile cha zamani maana nilikuwa nna mabaki kwa ndoo, akakoroga akaacha dakika tano. Ile ya zamani ilielea pumba kidogo juu. Ile mpya ilifanya zulia, na ukitoa kwa kidole unaona vile vigamba vya mpunga vilivyosagwa nusu, vya njano, vina ncha kama mashua ndogo. Na chini ilikuwa na tope zito la mchanga, au mie nlidhani ni mchanga wote.

Ami akasema polepole, leyazi lazima iwe na chokaa kwa ajili ya ganda la yai, kwa hivo kitu kuzama chini si kosa. Akaosha lile tope, akalitia kwa kisahani akamwagia siki. Chokaa na magamba ya kombe hutoka povu kama soda na kuyeyuka taratibu, mchanga hukaa tu unakutazama. Pale povu lilitoka kidogo likaisha, zikabaki chembe zinang'aa ambazo hata umwage chupa nzima hazibadiliki. Hapo ndio nkaelewa. Lakini pia alinionya nisimhukumu mtu kwa gilasi moja, maana pumba halali za ngano na mahindi nazo huelea, ndio sababu lazima uwe na chakula unachokiamini pembeni ulinganishe.

Hesabu yake ilikuwa hivi. Kuku mmoja hula kama gramu 120 kwa siku, chakula cha protini 16 cha kweli champa gramu 19, na kuku anayetaga ahitaji kama 17 au 18. Sasa ukichukua chakula hicho cha 16 ukaondoa moja ya tano ukatia makapi na mchanga usio na protini yoyote ya maana, yashuka karibu 13, kuku anapata gramu 15 na ukinyimwa hizo mbili tatu kila siku yai ndilo linalokatwa. Na huyu alikuwa ameandika 18!

Sasa watu watauliza mbona lebo yasema 18. Kwanza, protini inayoandikwa ni protini ghafi, wanapima naitrojeni wanazidisha kwa 6.25, kwa hivo chochote chenye naitrojeni chahesabiwa, hata mbolea ya yurea ambayo kuku hawezi kuitumia. Ndio mie sasa nikiona nambari kubwa peke yake siifurahii. Natazama na nyuzinyuzi, kwa leyazi nzuri zikae chini ya asilimia 8 hivi, maana makapi hujificha hapo. Lebo inayopiga kelele ya protini na kunyamaza juu ya nyuzinyuzi, unyevu na kalisiamu mie naipita. Natazama tarehe ya kutengenezwa na nambari ya bachi, na ile alama ya KEBS ina nambari ya kibali chini yake, unatuma SM# ikifuatiwa na nambari hiyo kwenda 20023 na utarudishiwa jina la bidhaa na la kampuni, likikosa kulingana na mfuko basi rudisha mfuko.

Lakini kisa changu hakikuishia kwa kampuni, na hapa ndio nataka wenzangu wasikilize. Nilienda nikanunua mfuko wa kampuni ile ile ya 18 duka jingine, bachi ile ile, nikafanya gilasi na siki vilevile. Ulikuwa safi! Kwa hivo kiwanda nilichokuwa nakitukana jikoni hakina kosa, kosa liko kwa duka. Nikarudi kutazama mifuko yangu mitupu, na kumbe ushahidi ulikuwepo tangu mwanzo. Uzi wa kiwanda ni wa cherehani, ukipata ncha yake unavuta mara moja waachia wote. Ule wangu ulikuwa umeshonwa kwa mkono, rangi yake si ile ya lebo, na pembeni ya uzi kuna mstari wa matundu ya zamani ya sindano yasiyo na uzi. Mie nlikuwa nakata kwa kisu tu kila siku.

Nilimrudia muuzaji. Akasema, "Mama, mie nauza kama nilivyoletewa." Nikamwambia mwanangu haya matundu nayo uliletewa? Akanyamaza akaanza kupima unga wa mteja mwengine.

Mhariri, ombi langu ni dogo. Maduka yaweke mizani wazi, mteja apime mfuko kabla hajalipa, na anayeuza kwa kilo afungue mfuko mbele yetu sio nyuma ya duka. Mie kwa sasa nabeba kichupa cha siki na kopo la chakula cha zamani kwa mkoba, wauzaji wananiona kama mwenda wazimu. Mmoja alikataa nisifungue mshono nikamuachia mfuko wake. Wa pili alinifungulia mwenyewe, nikachota kutoka chini sio juu maana juu huwa wanapamba, na ndio nanunua kwake hadi leo. Trei ya tatu imerudi, ingawa ilichukua zaidi ya wiki mbili.

Mfugaji,
Msabaha, Malindi