Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Viwango: volti 5 si kipimo cha kutosha cha chaja

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Kwa heshima zote, nakuandikia hadharani kwa sababu barua zangu mbili za awali zilijibiwa mara moja tu. Jibu lilisema kwamba chaja nilizozilalamikia kuwa zinafanya tachi za simu ziruke na kujiandika zilipimwa na kuonekana zinatoa volti 5 sawasawa na maandishi yake, na likaahidi uchunguzi zaidi ndani ya miezi mitatu. Leo imetimia miezi 11.

Mimi ni fundi simu. Wiki iliyopita mteja wangu mmoja, mwalimu, alirudi kwangu mara ya tatu na simu ile ile inayojiandika na kurukaruka. Usiku uliotangulia alikuwa akituma pesa ili mtoto wake apelekwe hospitali, simu ikiwa kwenye chaja. Tarakimu za namba ya siri zikajiongeza mara tatu, na akaunti ikafungwa hadi asubuhi. Aliniambia mbele ya wateja wengine kwamba nimemwibia, na sikuwa na la kumjibu, kwa kuwa kioo nilikuwa nimekwisha kumbadilishia mara mbili, mara ya pili kwa fedha yangu mwenyewe.

Safari hii nilimwomba alete na chaja yake. Nilifungua mipangilio ya wasanidi kwenye simu na kuwasha `Pointer location`, ambayo huchora mstari kila kidole kinapopita. Simu ikitumia betri yake, mstari ulinyooka. Nilipochomeka chaja, alama zikaanza kutapakaa juu na chini ya kidole changu, katika safu ile ile niliyoigusa. Nilipoinua kidole, zikakoma. Nikaichaji kwa pavabanki, mstari ukanyooka tena. Kioo kibovu au chenye unyevu hakichagui hivyo: huruka hata simu ikiwa haijachomekwa, na mara nyingi bila kuguswa.

Nikaifungua chaja. Baina ya upande wa umeme mkubwa na upande wa simu panapaswa kuwa na kapasita ya usalama ya aina ya Y, ambayo kazi yake ni kurudisha kelele za umeme, yaani mitikisiko ya haraka ya volti, zilikotoka. Kwenye ubao nafasi yake ilikuwa imechorwa, matundu yametobolewa, lakini kapasita haikuwekwa. Chaja hukata umeme makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, au zaidi, na kelele za ukataji huo huvuka kupitia transfoma. Pasipo njia ya kurudi, huitikisa simu nzima dhidi ya ardhi, na kidole cha mtu, ambacho mwili wake uko karibu na hali ya ardhi, huwa ndicho njia yenyewe. Tachi hutambua kidole kwa badiliko dogo mno la chaji, hivyo mtikisiko huo huusoma kama vidole vingine.

Sasa naomba ulitazame upya jibu la ofisi yako. Volti 5 ni tofauti kati ya nyaya mbili za kutolea umeme. Kelele ninazozisema huzipandisha na kuzishusha nyaya zote mbili kwa pamoja, kwa hiyo mita iliyowekwa kati yake haizioni kabisa. Hupimwa kwa osiloskopu kati ya waya wa kutolea na ardhi, na kiwango cha kimataifa IEC 62684, kilichotolewa mwaka 2011, kinazizungumzia waziwazi. Wataalamu wako wanakijua kuliko mimi.

Najua wengine watasema kosa ni nyumba zisizo na waya wa ethi. Ni kweli kwa anayechaji simu kupitia kompyuta yenye plagi ya pini tatu: ethi ikikosekana, bodi ya kompyuta hubaki na umeme unaowasha ngozi ukiipapasa, na simu huruka vile vile. Hapo kurekebisha soketi husaidia. Lakini chaja ya mwalimu ina pini mbili tu. Hata ungemtengenezea ethi nzuri namna gani, chaja hiyo haina inapoishika.

Wala usituambie sisi mafundi tuzirekebishe. Kapasita ya kawaida ikiwekwa mahali pa ile ya usalama kisha ikapasuka ndani, umeme wa ukutani hufika moja kwa moja kwenye mkono wa mwenye simu. Sitafanya hivyo kwa mteja yeyote, hata akinisihi.

Siombi fidia ya vioo nilivyolipa. Naomba chaja zipimwe kelele dhidi ya ardhi kabla hazijaruhusiwa sokoni, zikiwa zimechomekwa na zinachaji. Kipimo hicho kimoja tu, Mheshimiwa. Chaja ya mwalimu nimeihifadhi ikiwa wazi, pengo la kapasita linaonekana, na niko tayari kuileta ofisini kwako siku yoyote utakayoniita.

Wako mtiifu,
Fundi simu