Barua kwa Mwanaidi: kipindi cha Ijumaa

Raskazone, Tanga
Jumamosi jioni

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi, na usinianze na "umenitupa", najua. Mama hajambo, goti tu linamsumbua mvua ikitanda. Nina shida, na wewe ndiye uliyesoma taarifa ya habari redioni. Mimi nimeishia kusoma majina ya wachelewaji paredi.

Mkuu kanibandika kipindi cha habari za wiki. Kila Ijumaa kabla ya chai, dakika 10, kwenye spika za bwalo. Wasomaji wawili, maripota wanne, na kengele isiyomngoja mtu.

Wiki ya kwanza tulifungua kwa kichwa cha habari: "Pampu ya maji ya shule yaharibika." Bwalo zima likaangua kicheko. Pampu ilikufa Jumatatu, leo Ijumaa, na wanaoambiwa ndio waliobeba ndoo! Ndipo nikang'amua kuwa ukisoma habari mara moja kwa wiki, kichwa hakitakiwi kusema kilichotokea. Kiseme jambo limefikia wapi. Tungesema, "Siku ya tano bila maji bwenini, kipuri chasubiriwa kutoka Dar." Habari ni ile ile, ila hata mbeba ndoo ana jipya la kusikia.

Sasa kinachoninyima usingizi ni yale maneno ya msomaji kabla ya kumpisha ripota. Sisi tunayaita kiungo, ninyi mlikuwa mnayaitaje? Msomaji wangu alisema, "Pampu ya maji ya shule imeharibika. Salma ana habari zaidi." Salma naye, maskini, akaanza: "Pampu ya maji ya shule imeharibika..." Ukijumlisha na kichwa, tumeambiwa mara tatu. Kumbe kila mmoja aliandika karatasi yake kivyake.

Nikawakalisha. Kiungo kibebe hali ilivyo leo, na ripoti ianzie pale kiungo kilipoishia. Tukapata hivi: "Wasichana wa bweni wanachota maji kisimani kwa siku ya tano. Fundi amekagua pampu na anasema umeme hauna kosa. Alfajiri ya leo, kisimani alikuwepo Salma." Salma akaingia: "Saa kumi na moja na nusu, foleni ya ndoo imeshafika mlango wa jiko." Unaona? Na jina lake likikaa neno la mwisho, anajua zamu yake imefika, haachi ule ukimya wa kukohoa. Nimepima kwa saa ya simu, sekunde 15 hivi. Siku hizi hakiandikwi kiungo kabla sentensi ya kwanza ya ripoti haijajulikana.

Tatizo langu la pili ni mizaha ya kuvukia. Kutoka kwenye pampu kwenda kwenye mpira, kijana kaandika, "Tukitoka majini, tuogelee michezoni." Nimeikata, kanuna. Namwambia avute pumzi tu, habari inayofuata asome mwenzake; sauti ikibadilika, msikilizaji anajua tumehama. Au nimekuwa mkali mno?

Lakini sijakwambia la aibu. Wiki ya tatu, habari ya nne ilikuwa msiba wa mlinzi wetu, kafiwa na mama yake. Ikafuata ya kufungia: paka wa jikoni anayehudhuria vikao vya walimu kuliko walimu wenyewe. Wiki nyingine wangecheka. Siku ile hata kijiko hakikulia, na mlinzi yuko pale mlangoni, Mwanaidi. Nilitamani sakafu inimeze.

Tangu siku hiyo msiba hausogei karibu na mwisho. Michezo inakaa katikati. Na tunaandika kufunga kwa aina mbili, kwa utani na kwa kuaga tu, nami nachagua dakika ya mwisho. Utani wenyewe uwe jambo la kweli, sentensi mbili tatu, na asitajwe mwanafunzi kwa jina. Kufunga kunaanza dakika ya 9 na nusu hata iweje. Tukichelewa, ripoti ya nne inaachwa, kwa sababu kengele ikikata ripoti katikati, watoto hawaagi, wanakimbilia mihogo.

Ijumaa ijayo tuna habari ya mechi ya Coastal Union na African Sports, na bwalo limegawanyika pande mbili. Kiungo chake nikiandikeje nisionekane nina upande? Na wewe mwenyewe ilikuwaje siku ya msiba, mlikuwa mnafunga kwa maneno gani? Vichwa mlivirudia mwishoni kwa maneno yale yale au mliyabadili? Kile kinasa sauti chako cha zamani bado kipo, au alishakichukua yule wa Chumbageni? Na zawadi yangu ya Idi je, ilifika?

Nakutumia karatasi za wiki hii humu humu. Zichore kwa kalamu nyekundu bila huruma, mradi zinifikie kabla ya Alhamisi.

Wako,
Zuhura