Kitabu Si Feki: Thrawn Wawili, Mwandishi Mmoja, na Pesa Yako

Lawama inayorudi dukani kwetu hapa Mwanjelwa, Mbeya, kuliko zote ni hii: "Mmeniuzia kitabu feki." Ya mwisho imetoka kwa kijana wa Uyole, na kwa kuwa alinisema mbele ya wateja wengine, nimeona niandike kirefu ili wote tuelewane.

Kijana alikuwa ametazama Ahsoka, tamthilia ya Star Wars ya mwaka 2023. Akampenda yule kamanda wa ngozi ya buluu, Thrawn, akaja kuuliza kama tuna vitabu vyake. Nikamwambia vipo vya aina mbili, nikaanza kumweleza tofauti. Akanikatisha: "Kaka, mimi nataka vya bei nafuu." Akachukua vitabu vitatu vya mtumba vya Timothy Zahn: Heir to the Empire cha 1991, Dark Force Rising cha 1992 na The Last Command cha 1993. Baadaye akarudi amevifunga kwenye mfuko wa rambo, akavibwaga juu ya kaunta. Ndani ya vitabu Leia anajifungua mapacha, wakati kwenye filamu yeye na Han wana mtoto mmoja tu, Ben. Na mwishoni mwa kitabu cha tatu Thrawn anauawa na mlinzi wake mwenyewe, Rukh. "Sasa huyo niliyemwona kwenye tamthilia ni mzimu?"

Vitabu ni halali kabisa. Vilichapwa kwa idhini ya Lucasfilm, kampuni yenye Star Wars, mwandishi akalipwa, na miaka ile vilipotoka ndivyo vilivyokuwa mwendelezo wa hadithi baada ya filamu ya Star Wars ya 1983. Kilichobadilika ni uamuzi wa mwenye mali. Disney walitangaza kuinunua Lucasfilm mwezi Oktoba 2012, na filamu mpya zikaanza kuandaliwa. Waandishi wa filamu wakajikuta na lundo la riwaya na vitabu vya picha vya zaidi ya miaka 30, ambamo kila mhusika ameshaoa, ameshazaa, na wengine wameshakufa. Chewbacca, kwa mfano, alishauawa kwenye riwaya ya Vector Prime mwaka 1999. Ukiheshimu yote hayo, filamu yako haina pa kupita.

Kwa hiyo tarehe 25 Aprili 2014 Lucasfilm wakatangaza mstari. Filamu sita zilizokuwapo na katuni ya The Clone Wars zikabaki kuwa kanoni, yaani matukio ambayo mwenye hadithi anayatambua kuwa yalitokea na ambayo kila kazi mpya lazima iyafuate. Riwaya na vitabu vya picha vya zamani vikawekwa upande wa pili, chini ya jina Legends. Havikupigwa marufuku, vinaendelea kuchapwa na kuuzwa, ila kazi mpya hazilazimiki kuvifuata. Ni sawa na mji uliopimwa viwanja upya: nyumba ya zamani bado inakalika, lakini barabara mpya haizungushwi kwa ajili yake.

Waandishi wa upande mpya wanaruhusiwa kuchota wanachotaka kutoka huko, na hapo ndipo wateja wanapopotea. Thrawn alizaliwa ndani ya kitabu cha 1991, akaachwa nje pamoja na wenzake mwaka 2014, kisha mwaka 2016 akaingizwa kanoni kupitia katuni ya Rebels, msimu wa tatu. Aliingia mhusika, vitabu vyake vya zamani vikabaki nje. Mara Jade, anayetoka kwenye vitabu vilevile na ambaye huko Legends anakuja kuolewa na Luke, hajaingizwa mpaka leo. Darth Bane naye alitokea kwenye The Clone Wars, lakini riwaya tatu zinazosimulia maisha yake ni Legends. Kwa hiyo mteja akiniambia "huyu nimemwona kwenye runinga, basi na kitabu chake ni cha kweli," namwomba akae kwanza.

Mbaya zaidi, Zahn huyohuyo aliitwa tena akaandika Thrawn mpya. Thrawn ya 2017, Alliances ya 2018 na Treason ya 2019 ni kanoni. Halafu kuna vitabu vingine vitatu vya Ascendancy, vya 2020 na 2021, vinavyoeleza ujana wake kwenye taifa lake, navyo ni kanoni. Jina la mwandishi ni lile lile, jina la mhusika ni lile lile, na kwenye picha ya simu majalada hayakuambii kitu. Yule kijana alichohitaji ni hivi vya 2017 kuendelea. Alichonunua ni hadithi nzuri (mimi binafsi naona ile ya 1991 ni bora kuliko zote) lakini ni ya njia nyingine.

Sasa tunatambuaje? Watu wanadhani tunaangalia jalada. Vitabu vya Legends vilivyochapwa upya baada ya 2014 vina ukanda wenye neno Legends juu yake, na tangu 2021 kuna toleo linaloitwa The Essential Legends Collection, hilo halina ubishi. Shida ni kwamba mtumba unaofika kwetu kutoka Dar mara nyingi ni nakala za kabla ya 2014. Kipindi hicho ukanda haukuwapo kwa sababu hapakuwa na cha kutenganisha. Kukosekana kwa ukanda hakukuambii chochote.

Sisi tunafungua ukurasa wa haki miliki, ule wenye maandishi madogo baada ya kurasa za mwanzo, tunatafuta mwaka wa kuchapwa mara ya kwanza. Si mwaka wa chapa iliyo mkononi, kwa sababu Heir to the Empire iliyochapwa juzi bado ni kitabu cha 1991. Riwaya ya watu wazima ya kwanza chini ya mpango mpya ilikuwa A New Dawn, Septemba 2014. Riwaya iliyotoka kwanza kabla ya Aprili 2014 ni Legends. Pale ambapo riwaya inasimulia filamu yenyewe ndipo tunapokuwa waangalifu, maana hizo zinahesabiwa pale tu zinapokubaliana na kinachoonekana kwenye filamu. Mchapishaji naye husaidia kidogo: ukiona Bantam mgongoni mwa riwaya ya Star Wars, ni ya zamani. Ukiona Del Rey bado hujajua kitu, kwa kuwa wao wamechapa pande zote mbili.

Vitabu vya picha ndivyo vinavyowaponza hata wauzaji. Marvel walichapa Star Wars kuanzia 1977 hadi 1986, baadaye kazi ikaenda kwa Dark Horse, na Januari 2015 ikarudi Marvel. Neno Marvel kwenye jalada, basi, linaweza kuwa Legends au kanoni. Kuna mama mmoja wa Tukuyu alitaka zawadi ya mtoto wake, akanunua mahali pengine fungu la Marvel "kamili" kwa bei ya kutupa. Nusu yalikuwa ya miaka ya 80 na nusu ya 2015. Mtoto alisoma akidhani ni mfululizo mmoja, akawa hajui Luke yuko wapi wala na nani. Mama akaja kwetu tumtenganishie, kisha akanunua yaliyopungua. Ukijumlisha, alilipa zaidi ya ambavyo angelipa kwetu mwanzoni.

Ziko pia kazi rasmi ambazo hazikukusudiwa kuwa kanoni tangu siku ya kwanza. Mfululizo wa Infinities uliuliza ingekuwaje kama tukio fulani kwenye filamu lingekwenda vinginevyo. Vichekesho vya Lego ni hivyo, na Visions ya 2021, ambapo studio za Kijapani zilipewa uhuru wa kusimulia zinavyotaka. Hizo tunauza na kutaja mapema, na sijawahi kugombana na mtu kwa ajili yake.

Ugomvi mkubwa unatoka kwenye faili za bure. Mwalimu mmoja wa sekondari, mteja wetu mzuri tu, alikataa bei yangu ya vitabu vya Ascendancy. Akaniambia amepata "kitabu cha nne" cha vile vitatu vya zamani vya Thrawn kwenye kundi la simu, bure, na kina jalada zuri. Akaenda steshenari kukichapisha, kurasa mia nne na kitu, akakifunga kwa waya. Akakileta kuniringishia. Nilipofungua ukurasa wa kwanza nikakuta mstari huu:

```
Posted originally on the Archive of Our Own
```

Hiyo ni hifadhi ya mtandaoni ya hadithi za mashabiki. Chini yake kulikuwa na orodha ya wahusika na mahusiano yao, jina la mwandishi lilikuwa jina la utani, na kila sura ilifunguliwa na salamu kwa wasomaji. Hakuna namba ya ISBN, hakuna mchapishaji. Jalada lilibandikwa na mtu mwingine huko njiani. Sina neno baya na mashabiki wanaoandika. Wapo wanaoandika vizuri sana, nao hutoa kazi zao bure wakisema wazi kwamba wahusika si mali yao. Lakini hadithi ya shabiki si kanoni na si Legends pia, kwa sababu Legends ilikuwa na idhini ya mwenye mali. Dukani hatuiuzi wala hatuichapishi kwa pesa. Mwaka 2006 kuna shabiki aliweka riwaya yake ya Star Wars sokoni Amazon, ikaondolewa. Mwalimu, kwa karatasi na wino ule, angepata kitabu halisi cha kwanza cha Ascendancy na chenji ya nauli.

Mnaniuliza kwa nini kitabu ambacho Dar kinauzwa kwa bei ya chai mimi nakiuza zaidi. Kwanza, mwenye mzigo wa Dar ananitumia picha ya jalada, mimi nadai picha ya ukurasa wa haki miliki. Wengine hawataki usumbufu huo, wanaongeza bei au wananiacha. Pili, kuna nauli ya basi, na mzigo ukifika nakagua kurasa zote kama zimekamilika. Tatu, vile vya 1991 vilichapwa kwa wingi na mtumba wake umejaa, lakini vya 2017 kuendelea watu bado hawajavitupa, kwa hiyo mtumba wake ni adimu na mara nyingi naagiza vipya.

Ukitaka tukuagizie, usiniambie tu "cha Thrawn" au "cha Vader." Niambie ulichotazama mwisho na ulipoishia, na kama unataka kinachoungana na filamu au hujali njia. Kila kitabu tunakibandika karatasi ndogo ndani ya jalada yenye mwaka wa kwanza na upande wake. Ukikuta kitabu si cha upande ulioandikwa kwenye karatasi hiyo, kirudishe, pesa yako yote utapewa. Ukikuta tu kwamba Leia ana mapacha na karatasi ilisema Legends, hiyo hatupokei. Kijana wa Uyole tulimpunguzia kwenye Thrawn ya 2017, na vile vitatu vya zamani amekataa kuviuza.