Bango la A2 kwa karatasi nne za A4: mbona printa inatoa tisa?

Hili swali tunaletewa sana hapa dukani Mwanga, Kigoma. Mtu ana bango lake la A2, anajua kabisa A2 ni A4 nne zikipangwa mbili mbili, akiprinti nyumbani printa inatema karatasi tisa, zingine zina kamstari tu ka rangi pembeni, wino umeisha bure. Anadhani faili bovu, kumbe faili halina shida yoyote.

Iko hivi, printa nyingi za nyumbani haziprinti mpaka ukingoni, zinaacha weupe, tuseme milimita 5 kila upande. A4 ni 210 kwa 297, kwahiyo unabaki na 200 kwa 287. Halafu unataka karatasi zipandiane milimita 10 ili upate pa kupaka gundi, basi karatasi mbili kwa upana zinakupa 390 tu wakati A2 inataka 420, na kwa urefu unapata 564 wakati inatakiwa 594. Zile milimita 30 zilizobaki lazima ziende kwenye karatasi ya tatu, huku na huku, ndo hizo tisa.

Juzi mama mmoja muuza mgebuka alikuja na bango la bei zake, tukalipunguza ukubwa kidogo tu. 390 gawa kwa 420 ni kama asilimia 92 na kitu, ukiweka 92 bango linakuwa sentimita 38.6 kwa 54.6, nani atajua limepungua? Kwenye Adobe Reader fungua Print, bonyeza Poster, Tile Scale weka 92, Overlap milimita 10 (kama inasoma inchi weka 0.4), tiki Cut marks. Kama faili lenyewe ni A4 unataka kulikuza, Tile Scale iwe 184. Angalia picha ndogo pembeni kabla hujaprinti, ukiona bado mistari inakata tisa shusha asilimia moja moja mpaka zibaki nne, maana kuna printa zinaacha weupe mwingi zaidi hasa chini.

Kwenye kuunga ndo watu wanaharibu, wanakata weupe pande zote halafu gundi haina pa kukaa. Kata upande mmoja tu wa kila kiungio, ile karatasi inayokaa juu, kwa rula ya chuma na wembe, ya chini iache na weupe wake utafunikwa. Unga mbili za juu, kisha mbili za chini, mwisho ndo uunganishe safu na safu. Gundi tumia ya stiki, ile ya maji inakunja karatasi na herufi hazikutani tena. Selotepu piga nyuma.

Na kama bango linakaa bandani kwa samaki na umetumia printa ya wino wa maji, livishe nailoni kwanza, tone moja tu bei inasambaa. Hapa dukani tunaprinti kwa leza, leta PDF kwenye flashi.