Barua ya wazi kwa Kamishna Mkuu wa TRA kuhusu picha za risiti na muda wa kuzitunza

Ndugu Kamishna Mkuu,
Mamlaka ya Mapato Tanzania.

YAH: OMBI LA WARAKA KUHUSU RISITI ZILIZOPIGWA PICHA

Mimi ni mtunza hesabu wa duka la vifaa vya ujenzi mjini Morogoro. Ninakuandikia hadharani kwa sababu jambo ninalouliza huulizwa kila mwaka na kila mfanyabiashara ninayemfahamu, na wahasibu wanaojibu hawakubaliani. Mmoja husema picha ya risiti kwenye simu inatosha. Mwingine husema pasipo karatasi halisi hakuna risiti. Wote wawili wana hoja, na wote wawili wana wateja wanaofuata ushauri wao.

Nianze na kilichonipata, kosa likiwa langu mwenyewe. Mwaka 2024 nilifungua faili la manunuzi ya 2022 kutafuta risiti ya saruji ya mwezi Machi, ya shilingi 590,000, yaani 500,000 bila kodi na 90,000 za Kodi ya Ongezeko la Thamani. Nilikuta karatasi nyeupe. Ilikuwa imebaki safi kabisa kwenye mfuko wake wa plastiki, haina hata namba moja, na nyingine nyingi zilizokaa kwenye mifuko ya aina hiyo zilikuwa hivyo hivyo au zimebaki na vivuli vya rangi ya kahawia. Nilidhani nimezitunza vizuri kuliko wenzangu wanaozichoma kwenye msumari ukutani.

Karatasi ya mashine ya EFD haina wino. Imepakwa kemikali inayogeuka nyeusi inapopata joto, na kichwa cha mashine huchora herufi kwa joto hilo. Ukitaka kuhakikisha, ikwaruze kwa ukucha uone mstari mweusi ukitokea. Kinachoandikwa kwa joto huharibika kwa joto, mwanga wa jua, mafuta na kemikali zinazotoka kwenye plastiki laini za mafaili, na pia kwa gundi ya selotepu ambayo wengi wetu huipitisha juu ya maandishi. Risiti ya mafuta iliyosahauliwa juu ya dashibodi ya gari hufifia mapema mno. Nimewahi kuona mtu akiipeleka risiti kufanyiwa laminesheni ili idumu, ikatoka nyeusi tii kutoka juu hadi chini. Tunatakiwa kutunza kwa miaka mingi karatasi ambayo, katika hali ya hewa yetu, mara nyingi haifiki hapo.

Risiti ya saruji iliokolewa na picha. Dereva alikuwa ameipiga siku ya manunuzi na kumtumia bosi. Niliikuza, nikaona mstari wa `RECEIPT VERIFICATION CODE`, nikaingia verify.tra.go.tz, nikaandika msimbo huo na saa ya risiti, na risiti nzima ikaonekana: jina la muuzaji, TIN yetu, tarehe, kiasi na kodi. Kwa hiyo karatasi ilikuwa imekufa lakini kumbukumbu ilikuwa hai, tena ipo kwenye mfumo wa Mamlaka yako. Picha nyingine mbili za mwezi uleule hazikunisaidia. Dereva alikuwa amepiga sehemu ya chini tu, yenye jumla na msimbo, akaiacha nje ya picha sehemu ya juu yenye saa. Na pasipo saa mfumo hauendelei. Alama ya QR hubeba msimbo pamoja na saa hiyo, lakini WhatsApp ilikuwa imeibana picha hadi vile vidoti vikaungana, na simu haikuweza kuisoma.

Hapo ndipo ninapoona swali limewekwa vibaya tunapouliza kama picha inakubalika au haikubaliki. Risiti ya EFD haithibitishwi kwa karatasi yake. Mkaguzi anayetaka kujua kama ni ya kweli huilinganisha na taarifa zilizotumwa na mashine, na kwa kazi hiyo picha inayosomeka kuanzia `START OF LEGAL RECEIPT` hadi `END OF LEGAL RECEIPT` ina kila kitu kilichomo kwenye karatasi. Hofu ya kwamba picha inaweza kuchezewa ni ya haki, lakini aliyebadilisha 59,000 ikawa 590,000 atakamatwa papo hapo msimbo utakapoingizwa, sawasawa na aliyechapisha karatasi ya kughushi. Hofu ya pili ina uzito zaidi: karatasi ni moja, ila picha moja inaweza kutumiwa na watu kumi, kila mmoja akaidai kuwa gharama yake. Dawa yake ipo tayari kwenye risiti, nayo ni TIN ya mnunuzi. Risiti isiyo na TIN ya mnunuzi haisemi ni ya nani, iwe karatasi au picha, na ningependa wafanyabiashara wenzangu waelewe kwamba hilo ni tatizo kubwa kuliko suala la picha.

Mambo hubadilika kwa hati zisizo na msimbo. Hati ya kupokelea mzigo iliyoandikwa kwa mkono, mkataba wa pango la ghala, vocha ya malipo ya vibarua iliyotiwa saini au dole gumba, hizi hazina mahali pa kulinganishwa isipokuwa zenyewe. Mgandamizo wa kalamu, muhuri na saini vinaonekana vizuri kwenye karatasi na vibaya kwenye picha. Kwa hizo mimi hupiga picha kama akiba tu, na karatasi siitupi.

Kuhusu sheria, naelewa hivi, na unisahihishe nikikosea. Sheria ya Usimamizi wa Kodi, Sura ya 438, katika kifungu cha 35 kama ilivyopitishwa mwaka 2015, inamtaka mlipakodi atunze ndani ya Jamhuri ya Muungano hati zinazoeleza taarifa za ritani zake, kwa miaka mitano. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 nayo imeipa kumbukumbu ya kielektroniki hadhi mbele ya sheria, na kifungu chake cha 18 kinakataza ushahidi kukataliwa kwa sababu tu ni wa kielektroniki, ingawa uzito wake hupimwa kwa namna ulivyotengenezwa, ulivyohifadhiwa na uzima wake ulivyolindwa. Kwa maneno mengine, mlango wa picha uko wazi, lakini anayepita lazima aweze kueleza picha ilipigwa lini, na nani, na imekaa wapi tangu siku hiyo. Picha iliyotumwa kwenye makundi matatu ya WhatsApp kisha ikapakuliwa imepoteza tarehe yake ya awali, na maelezo hayo huwa magumu kutoa. Ile iliyobaki kama ilivyotoka kwenye kamera, ikapewa jina kama `2022-03-14_saruji_590000.jpg` na kuwekwa kwenye folda ya mwezi wake, inaeleza mengi yenyewe.

Maneno «ndani ya Jamhuri ya Muungano» nayo yanatusumbua. Wengi wetu picha zetu hujihifadhi zenyewe kwenye akaunti ya mtandaoni, na mashine zinazozihifadhi ziko nchi tusizozijua. Kwa tahadhari ninaweka nakala nyingine kwenye diski ngumu iliyofungiwa kabatini dukani, jambo ambalo pia linanilinda simu ikiibwa. Lakini ningependa kusikia kutoka ofisini kwako kama nakala hiyo ya kabatini inatosheleza sharti hilo.

Sasa muda. Watu huhesabu miaka mitano tangu siku ya kununua, na hapo ndipo wengi hutupa mapema. Hesabu huanza mwisho wa mwaka wa mapato ambao hati inahusika nao. Ile saruji ya Machi 2022 ni ya mwaka wa mapato ulioisha 31 Desemba 2022, kwa hiyo muda wake unafika 31 Desemba 2027, wala si Machi. Hilo ni rahisi. Gumu ni mali ya kudumu. Mwaka 2020 duka lilinunua kirikuu kwa shilingi milioni 12. Katika hesabu za kodi, magari ya mizigo madogo huchakaa kwa asilimia 37.5 ya thamani iliyobaki kila mwaka, hivyo 2020 tulipunguza shilingi 4,500,000, ikabaki 7,500,000. Mwaka 2021 tukapunguza 2,812,500. Na kadhalika, kiasi kikipungua kila mwaka hadi ritani ya 2025, ambapo bado ilibaki kama shilingi 1,144,000 ya kufanyia hesabu. Aliyehesabu miaka mitano tangu 2020 angeichana risiti ya kirikuu Januari 2026, miezi michache kabla ya kuwasilisha ritani inayoitegemea risiti hiyohiyo. Na kwa kuwa inahusika na mwaka 2025, ninavyoisoma sheria inapaswa kuwepo hadi 31 Desemba 2030. Hiyo ni zaidi ya miaka kumi kwa karatasi inayofifia. Kama kuna shauri au pingamizi la kodi ambalo halijaisha, hata tarehe hiyo ingepita nisingethubutu kugusa faili.

Ninachoomba, Ndugu Kamishna Mkuu, ni waraka mfupi wa Kiswahili utakaosema kwamba picha ya risiti ya EFD inayosomeka yote, yenye TIN ya mnunuzi na inayothibitika kwenye mfumo, inapokelewa na wakaguzi kama kumbukumbu hata karatasi ikiwa imefifia. Mapendekezo yangu ni kwamba karatasi halisi itunzwe angalau hadi ritani ya mwisho ya mwaka husika iwasilishwe, yaani miezi sita baada ya mwaka kuisha, ili mkaguzi au mhasibu anayeona shaka apate kulinganisha. Baada ya hapo picha ibebe miaka iliyobaki, na kwa mali ya kudumu ibebe hadi miaka mitano ipite tangu kuisha kwa mwaka wa mwisho ambao uchakavu wake ulidaiwa. Hati za mkono na mikataba zibaki kwenye karatasi muda wote. Pia waraka utuambie risiti za zamani zitaendelea kuonekana kwenye verify.tra.go.tz kwa miaka mingapi, maana hoja yangu yote imesimama juu ya mfumo huo, na picha ya risiti ya kirikuu itakuwa na faida ndogo mwaka 2030 ikiwa msimbo wake hautafungua kitu.

Wakati nikisubiri, risiti zetu nimezihamisha kutoka kwenye plastiki kwenda kwenye bahasha za karatasi, mbali na dirisha, na dereva haruhusiwi kuondoka kaunta ya muuzaji kabla hajaifungua QR kwa simu yake na kuona jina la duka letu.

Nawasilisha kwa heshima.

Mtunza hesabu,
Morogoro.