Barua kwa Mwanangu: Tangazo Lililorudi

Buruburu, Nairobi

Mwanangu mpendwa,

Zile picha mbili ulizonitumia jana usiku nimezitazama kwa makini. Ya kwanza ni tangazo la Julai la nafasi ya afisa wa ununuzi, ile uliyoitiwa mahojiano mara mbili kule Westlands, na ya pili ni tangazo la wiki hii, la kampuni ileile na cheo kilekile. Chini yake umeniandikia, "Baba, kumbe walinikataa ili wakae bila mtu?" Nimeelewa uchungu wako, lakini kabla hujamwandikia yule afisa wa uajiri, nataka tulisome tangazo hili kama tulivyokuwa tukiyasoma mafaili katika ofisi ya waajiriwa pale kiwandani, ambako nilikaa upande wa pili wa meza kwa miaka 22.

Tangazo kurudi hakuna maana moja. Mara nyingine hakuna kilichotokea: tovuti ya kazi hulihuisha tangazo lenyewe muda wake unapokwisha, tarehe ikaonekana mpya ilhali kiti kilishapata mwenyewe. Hilo hujulikana kwa sababu maneno huwa hayajaguswa hata kidogo, pengine hata siku ya mwisho ya kutuma maombi imeshapita. Lako si hivyo. Siku ya mwisho ni mpya, kuna sharti moja lililoongezwa, na nambari ya kumbukumbu iliyo juu ni ileile ya Julai. Kwa kawaida nafasi ya pili inayofunguliwa kando ya ile ya kwanza hupewa nambari yake, kwa hiyo naamini kiti kinachotangazwa ni kilekile ulichokiomba.

Sasa hesabu siku. Barua ya kukukataa ilikuja tarehe 14 Agosti, na tangazo limerudi tarehe 22 Septemba, yaani wiki tano na nusu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtaka mtu anayelipwa kwa mwezi atoe notisi ya siku 28 kabla ya kuacha kazi, isipokuwa mkataba wake unadai zaidi. Mtu aliyekubali kazi hiyo katikati ya Agosti angeripoti katikati ya Septemba. Tangazo likirudi siku chache baada ya hapo, mimi hushuku kwamba aliyesubiriwa hakutokea: labda mwajiri wake alimwongezea mshahara akabaki, labda vyeti vyake vilipokaguliwa vilikutwa na kasoro. Lingerudi baada ya miezi mitatu au minne, ningesema aliingia akaondoka katika kipindi cha majaribio, ambapo notisi ya siku saba inatosha. Haya yote ni makisio, nayo yabaki kati yetu. Kwenye barua yako yasionekane.

Utauliza kwa nini hawakukupigia simu wewe uliyefika raundi ya mwisho. Pale kwetu iliwahi kutokea hivyohivyo. Tulimchagua mtunza ghala, akatoa notisi kwake, akaongezewa mshahara, akatuacha mataani. Aliyekuwa wa pili alikuwepo kwenye faili, lakini mkuu wa idara hiyo aliona aibu kumrudia mtu aliyekwisha kumwambia hapana, akaamuru tutangaze upya. Siku ya tatu ikaja barua ya huyo wa pili, mistari michache tu, akisema ameona nafasi iko wazi na bado anaitaka. Nilipoiweka mezani kwa mkuu, aibu ilikuwa imeshaondolewa na mwenyewe aliyekataliwa, naye akaitwa wiki hiyohiyo. Nakumbuka pia mwingine, wa nafasi nyingine, aliyetuandikia kurasa mbili akidai sababu za kukataliwa, na nakala akampelekea mkurugenzi. Sidhani kama kuna aliyeimaliza.

Lililonifurahisha zaidi ni lile sharti jipya: mwombaji awe amewahi kufuatilia utoaji wa mizigo forodhani. Hapo ndipo wamekueleza, bila kukusudia, walichokikosa katika raundi ya kwanza. Wewe ulikaa miezi minane ukienda bandari kavu ya Embakasi kila wiki kufuatilia makontena ya mwajiri wako wa kwanza, ukajua hati ipi ikikosekana kontena halitoki na gharama za kuhifadhi zinaanza kuhesabiwa. Nimeufungua wasifu wako kuangalia: umeandika "majukumu mengine ya ugavi" ukaishia hapo. Mama, afisa wa uajiri hawezi kusoma usichokiandika.

Barua yenyewe iandike kwa Kiingereza kama walivyokuandikia wao. Mimi nakupa umbo lake kwa lugha yetu. Usianze barua pepe mpya. Ijibu ileile waliyokukatalia, ili anapoifungua aone chini yake mawasiliano yenu yote bila kutafuta faili. Mwambie hivi:

"Asante kwa nafasi ya mahojiano mliyonipa tarehe 5 Agosti. Nimeona nafasi ya afisa wa ununuzi, kwa kumbukumbu ileile, imetangazwa tena, na ningependa kufikiriwa upya. Tangazo jipya linataka uzoefu wa forodha, jambo ambalo sikulieleza katika maombi yangu ya kwanza: kwa miezi minane nilisimamia hati na utoaji wa makontena katika bandari kavu ya Embakasi. Naambatisha wasifu uliorekebishwa. Je, niombe upya kupitia mfumo wenu, au maombi yangu ya awali yatatumika?"

Ishie hapo. Swali la mwisho si la adabu tu. Katika mifumo mingi ombi lako la zamani limeshafungwa kama lililokataliwa, na hata afisa akikupenda namna gani, huenda hawezi kulipeleka mbele mpaka uwe na ombi jipya. Tena ni swali ambalo anaweza kulijibu kwa sentensi moja akiwa amesimama, ilhali ukimuuliza kwa nini walikukataa itambidi atafute ruhusa ya mkubwa wake, na barua inayohitaji ruhusa hulala. Wasipokujibu kwa siku tatu, omba upya kwenye mfumo bila kungoja, maana tangazo linafungwa Ijumaa ya wiki ijayo na wengine huanza kuchuja majina kabla ya siku hiyo. Baada ya hapo kumbusha mara moja tu.

Kuna onyo moja kwa nafasi nyingine unazoomba. Matangazo mengi ya taasisi za serikali hapa kwetu huwa na mstari usemao kwamba kujipigia debe kwa namna yoyote kutamwondoa mwombaji. Huko usimwandikie mtu barua ya namna hii. Omba upya kama mgeni na unyamaze. Hii ya Westlands ni kampuni binafsi, na tangazo lake nimelisoma mpaka chini bila kuuona mstari huo.

Wakikujibu kwamba uamuzi wao ni uleule, andika asante ya mstari mmoja. Huenda mkuu wa idara ndiye aliyekukataa na bado ndiye anayeamua, na hapo afisa wa uajiri hana la kufanya.

Rekebisha kwanza ile sehemu ya Embakasi: weka miezi, aina ya mizigo na hati ulizokuwa ukizishughulikia, kisha unitumie leo kabla sijalala. Barua iondoke kesho asubuhi.

Ni mimi,
Baba yako